Nilivyoficha mwizi kwenye nusu doti ya kanga: mchezo wetu wa "nani kaiba" hapa Moshi

Mwaka jana kikundi chetu cha maigizo hapa Majengo tuliombwa mchezo mfupi wa kuchekesha kidogo na kufikirisha kidogo, nusu saa hivi, na waigizaji tulionao ni watano tu, basi nikajitia kimbelembele nikasema naandika ule wa nani kafanya, yaani kuna tukio, kuna washukiwa, mtazamaji anakuna kichwa mpaka mwisho. Sikujua nimejiingiza wapi. Kuandika kisa kulinichukua wikiendi moja. Kuamua kidokezo kikae wapi kulinichukua miezi miwili.

Kisa ni wizi wa hela za kikoba. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne asiye na ufunguo, kama vikundi vingi vinavyofanya. Wiki moja kabla ya mgao wa Desemba wanafunga hela. Siku ya mgao wanafungua, kufuli zote tatu nzima, ndani wanakuta kifurushi cha karatasi za daftari. Wahusika ni Mama Aika anayetunza sanduku, Happy fundi cherehani mwenye ufunguo, Joshua wa bodaboda mwenye ufunguo, Meku, mzee anayehesabu hela na ana ufunguo pia, na balozi wa nyumba kumi anayekuja kuchunguza. Basi, hao tu.

Mwizi ni Meku, na siri yenyewe ni kwamba kufuli hazihusiki kabisa. Hela hazikuwahi kuingia kwenye sanduku. Alizifunga kwenye kipande cha kanga mbele ya watu wote, akaweka kwenye kapu lake, akatoa kifurushi kingine cha kanga ileile alichokuja nacho kutoka nyumbani, hicho ndo kikaingia sandukuni. Kila mtu anahangaika na funguo wakati swali ni kifurushi.

Sasa kidokezo. Kanga inauzwa doti, vipande viwili vinavyofanana mpaka maandishi, hakuna mtu hapa asiyejua. Kwa hiyo ukiona kipande kimoja, kingine kipo mahali. Mimi nikaona hicho ni kidokezo kitamu sana kwa sababu mtazamaji anacho tayari kichwani mwake, simfundishi kitu. Skripti ya kwanza nikamwandikia Meku aseme wazi, "Hii ni nusu ya doti ya marehemu mke wangu, nusu nyingine iko nyumbani." Tukawasomea majirani na ndugu 22, nikasimamisha kabla ya mwisho, nikagawa vikaratasi kila mtu aandike mwizi ni nani. Kumi na nane waliandika Meku. Mama mmoja hata hakungoja karatasi, tukiwa bado ukurasa wa tatu akasema kwa sauti, "Nusu nyingine iko kwenye kapu."

Nilijisikia vibaya bana. Nikataka kuifuta kanga yote. Ila nikakaa nikafikiria, kosa halikuwa kidokezo, kosa lilikuwa ile sentensi haina kazi nyingine. Meku hana sababu yoyote ya kusema nusu nyingine iko nyumbani isipokuwa mwandishi anataka usikie. Watu wana pua, sentensi ya namna hiyo wanainusa.

Nikaivunja vipande viwili. Happy anamtania, "Meku, mwanaume mzima unatembea na kanga, doti yote hiyo unaipeleka wapi?" watu wanacheka. Meku hacheki. Anasema taratibu, "Ya marehemu." Ukumbi unanyamaza, Happy anaomba radhi, Mama Aika anabadilisha mada anamimina chai. Neno doti limeshasemwa, kanga ya nani imeshasemwa, lakini mtazamaji anaondoka na huzuni ya mzee badala ya hesabu ya vipande. Mimi nilizoea kusikia kidokezo kifichwe kwenye kicheko, na ni kweli kinafichika, ila huzuni inaficha zaidi, kwa sababu mtu akishamwonea mzee huruma anaona aibu kumshuku.

Kitu kingine, jukwaani hakuna kurudi nyuma. Msomaji wa kitabu anafungua ukurasa wa nyuma anahakikisha, huyu aliyekaa kwenye benchi hawezi, na nusu ya ukumbi ilikuwa inanyamazisha mtoto wakati Meku anasema. Kwa hiyo kidokezo lazima kirudi, na kisirudi kwa mlango uleule. Nikamweka Mama Aika, kwenye onyesho la pili, analalamika kuwa dada yake wamegawana doti ya sare ya msiba halafu dada kavaa kipande chake sokoni kama kitambaa cha kubebea ndizi. Ni malalamiko tu ya ndugu, hayamgusi Meku hata kidogo, lakini yanamkumbusha kila mtu kuwa doti inagawanyika. Na mara ya tatu ni fundo. Kwenye onyesho la kwanza Joshua anachelewa, analeta 20,000 yake wakati hela zimeshafungwa, Meku anavuta ncha moja ya kanga kwa mkono mmoja, fundo linaachia, anaongeza hela, anafunga tena kilegevu. Siku ya mgao Mama Aika anahangaika na fundo hilohilo mpaka anatumia meno, mwisho anaomba kisu, "Jamani nani kafunga kama anafunga ng'ombe?" Watu wanavunjika mbavu. Fundo linaloachia na fundo lisiloachia haliwezi kuwa fundo moja. Hata aliyekaa nyuma kabisa anaona. (Mwanzo nilitaka tofauti iwe rangi ya rababendi, nikaenda kukaa safu ya mwisho kwenye mazoezi, sikuona rababendi wala sikuona mkono.)

Zuga sasa. Zuga naita kile kitu unachomwekea mtazamaji akifuate akipotea. Skripti ya kwanza mimi nilifanya umeme ukatike wakati wanafunga sanduku, na Meku anabadilisha kifurushi gizani. Ujinga mtupu. Taa ikizimika jukwaani kila mtu anajua kuna kitu kinafanyika. Nikaigeuza: Meku anabadilisha kifurushi taa ikiwaka, mchana kweupe, wakati Happy anasimulia habari ya mteja aliyekataa gauni lake na watu wanacheka. Baada ya hapo kufuli zinafungwa, kwa, kwa, kwa, ndipo umeme unakatika. Unarudi, Joshua kasimama karibu na sanduku kuliko alivyokuwa. Gizani hapakufanyika kitu chochote, alikuwa anatafuta tochi ya simu. Wote macho kwa Joshua.

Lakini kusimama karibu na sanduku hakutoshi, nikampa Joshua na siri: alipoteza ufunguo wake, akaenda kwa fundi akabadilisha kufuli yake na funguo mpya kimyakimya, akaona aibu kusema. Hapa nilijifunza kwa kuumia. Kwenye mazoezi ya pili nilimwacha Joshua na siri yake mpaka mwisho, Meku akakamatwa, tukainama, halafu kwenye chai watu wananiuliza, "Sasa mbona ile kufuli ya Joshua?" Hawakuridhika na Meku kwa sababu Joshua bado alikuwa anawawasha. Zuga ni lazima liwe na jibu lake la kweli, na jibu lije kabla mwizi hajatajwa, la sivyo mtazamaji anaona amedanganywa tu. Skripti ilikuwa kurasa 19, nikaliweka jibu ukurasa wa 14: Joshua analia anakiri, balozi anamwambia, "Mwanangu, kufuli yako ni moja. Mbili zilizobaki ulizifungua na nini?" Sentensi hiyo inamsafisha Joshua na palepale inaua habari yote ya funguo, mtazamaji anabaki na kifurushi peke yake. Nilifurahi sana siku niliyoipata hiyo, nilikuwa kwenye daladala ya Pasua.

Happy naye nilikuwa nimempa simu mpya ya kushukiwa. Nikaikata. Sikuwa na jibu la simu zaidi ya "alinunua", na kwenye watu watano ukiwa na zuga tatu hakuna anayefuata hata moja.

Shida ya watu watano nyingine ni hii: balozi mchunguzi, ondoa. Wanabaki wanne, na kama watatu wanashukiwa na mmoja anakaa anakunywa chai, basi huyo wa chai ndiye. Kwa hiyo Meku ilibidi ashukiwe mapema halafu asafishwe. Joshua anamrushia neno kwanza kabisa, "Wewe ndo unahesabu!" Meku bila kubishana anatoa ufunguo wake shingoni anamkabidhi balozi, anasema kaeni nao. Watu wanaona mzee mwadilifu. Kumbe ametoa kitu ambacho hakihitaji.

Onyesho lenyewe tulifanya kwenye ukumbi wa kanisa, tukasimama kabla ya onyesho la mwisho, tukakusanya vikaratasi 38. Joshua 17, Mama Aika 9, Meku 8, Happy 3, na mmoja kaandika balozi, huyo sijui alikuwa anaangalia mchezo gani. Nane kwa 38 nikaridhika, maana kama hakuna hata mmoja aliyepata ningejua nimeficha kupita kiasi. Kwenye zile nane, tano walikuwa wameandika na sababu, nne fundo, moja doti. Balozi alipomuuliza Meku, "Nusu ya pili ya kanga ya mama iko wapi?" ukumbi ulipiga ule mguno wa "aaah", kina mama wakaanza kupigana mapaja.

Halafu tukaupeleka Arusha, Ngarenaro, na Happy wetu alikuwa na mafua, sauti haitoki, habari ya gauni haikuchekesha mtu. Ukumbi kimya, Meku kafuata mazoezi, mkono ukaingia kwenye kapu watu 50 wanamwangalia. Kijana mmoja wa mbele akasema, "Kabadilisha huyo."

Ikabidi tubadilishe hapo. Sasa Meku ana nafasi mbili: kicheko kikija anabadilisha, kisipokuja anashika kikombe chake anangoja. Baada ya habari ya gauni Mama Aika anadondosha sinia la vikombe, la bati, kelele yake inageuza shingo hata za wanaosinzia. Sinia linadondoka kila siku hata kama kicheko kimekuja. Vikombe vya udongo tulivunja vinne, tukahamia vya plastiki.