Nilivyofuta maandishi kwenye fulana ya marehemu bila kupoteza nyuzi

Kijana mmoja wa Kasese aliniletea picha ya marehemu baba yake hapa Nasser Road, Kampala. Ndiyo picha pekee ambayo mzee anacheka, ila kifuani fulana yake ya buluu ina maandishi meupe ya duka la saruji. "Kaka, mama hataki tangazo la mtu kando ya jeneza," aliniambia. Ingechapwa kwa ukubwa wa A3, na hapo ufumaji wa fulana unaonekana wazi.

Nilianza na `Heal` ya GIMP, programu ya kuhariri picha. Kifaa hicho huchanganya kinachopakwa na rangi iliyopo pale unapopaka, kwa hiyo kila nilipogusa ukingo wa herufi, weupe ulivuja kwenye buluu kama ukungu. Niliporudiarudia, kifua kikawa laini kama plastiki.

Nikaamua kutenganisha rangi na nyuzi. Nilinakili tabaka la picha, nakala iliyokaa juu yake nikaitia `Gaussian Blur` ya 8 px, kiasi cha kufanya nyuzi zipotee lakini mikunjo ibaki. Modi ya nakala hiyo nikaiweka `Grain extract`, nikabonyeza `New from Visible`, na tabaka jipya la juu nikalipa modi ya `Grain merge`. Nakala ya chini nikairudisha `Normal`. Picha ikaonekana kama mwanzo, ila sasa chini kuna rangi na vivuli, juu kuna nyuzi na kingo za herufi.

Tabaka la chini nililipaka kwa `Clone`, brashi laini, nikifuata kivuli cha mkunjo unaotoka kwapani. Buluu niliichota mbali kidogo na herufi, kwa sababu `Gaussian Blur` ilikuwa imetawanya weupe nje ya kingo zake.

Tabaka la juu ndilo lililonichosha. Wino huziba nyuzi, kwa hiyo lazima uazime nyuzi za mahali pengine. Mwanzo niliazima za mkononi, na mistari ya ufumaji ikalala upande. Kikatokea kiraka dhahiri. Nikafuta, nikachota chini kidogo ya herufi, kwenye mkunjo uleule, ambako mistari ilielekea upande mmoja na mwanga ulikuwa sawa. `Opacity` niliiacha 100, maana ukipunguza, nyuzi za zamani na mpya huchanganyika na zote hufifia. Nilibadilisha chanzo mara kwa mara ili kifundo kimoja cha uzi kisijirudie.

Kukagua, nilitengeneza tena `New from Visible` juu ya yote, nikaikaza sana kwa `Curves`. Papo hapo likajitokeza wingu jeupe lenye umbo la herufi ya mwisho, ambalo jicho lilikuwa halijaliona. Nilifuta tabaka la ukaguzi, nikarudi chini kupaka buluu pale, nikakagua tena kabla ya kuchapa. Jioni picha ilipanda basi la Kasese.