Mfuko Niliokwenda Nao Uyole

Julai ile baridi ya Uyole ilikuwa ya kuuma masikio. Kaka na wifi walikuwa wanakwenda kwenye sendofu mjini Mbeya, nami nikaachiwa watoto watatu ambao hawakuwahi kuniona. Waliniamkia shikamoo kwa sauti ndogo, wakajibanza nyuma ya kochi: binti wa miaka 9, mvulana wa miaka 6, na kitinda mimba ambaye hajatimiza mitatu.

Sikumwita yeyote. Mtoto aliyekuonea haya, ukimvuta na kumuuliza maswali, huzidi kujificha. Nilitandika mkeka, nikatoa kitu cha kwanza kwenye mfuko, nikaufunga tena. Ukimwaga vyote kwa pamoja, watoto hugusa hiki na kile, wanagombania kimoja, na kabla ya chakula wameshachoka navyo.

Nilianza na unga wa ngano vikombe 2 na chumvi laini kikombe 1, nilivyokwisha kuvichanganya nyumbani. Nikamimina maji kidogo kidogo, yasizidi kikombe 1, nikakanda mpaka donge likaacha kunata, kisha nikaanza kufinyanga ng'ombe kimyakimya. Kwa kazi hiyo mtoto hahitaji kujibu lolote, anatazama tu mikono.

Mvulana ndiye aliyetoka kwanza. "Shangazi, pembe zake fupi." Nikampa donge azirefushe. Lake likamganda vidoleni, nikamnyunyizia unga. La dada yake likapasuka miguuni, akalilowesha kwa ncha ya kidole, likashikana. Hapo wakaanza kubishana wao kwa wao ng'ombe gani ni wa maziwa, nami nikafurahi mno kusikia sauti zao.

Mdogo sikumpa donge lile. Umri wake kila kitu huishia mdomoni, na chumvi nyingi humdhuru mtoto. Maharage ya kuchezea bao nayo niliyaacha mfukoni, maana punje huingia puani au ikamkaba. Yeye nilimwekea vikombe vya plastiki vinavyoingiana. Alivipanga, akaviangusha, akacheka, na kila akivipanga upya alikuwa amesogea karibu nami zaidi, hata akaja kuegemea goti langu.

Tukala wali na maharage. Mpira wa soksi sikuutoa kabisa. Wakishakimbizana usiku, usingizi huchelewa. Mdogo alisinzia mgongoni, nami nikaanza vitendawili kwa sauti ya chini. Baada ya viwili vitatu, binti akaichukua zamu mwenyewe.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Kuku wangu katagia mibani."

Nikamwachia ashinde, nikampa mji wa Tukuyu. Akaukataa, bibi mzaa mama anaishi kule na wao huenda kila likizo. Alitaka Dar es Salaam. Nikampa, akaenda, akala, akanywa, akarudi.

"Nanasi!" akasema, na mdogo wake wa kiume akadai zamu yake.