Mwenye duka hakusema waondoke

Faili lilikuwa la dakika 54. Ulikuwa mdahalo wa redio kuhusu machinga wa Kariakoo, uliorekodiwa Oktoba 2021, siku zile vibanda vilipokuwa vinaondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam. Studioni kulikuwa na mwendesha kipindi na wageni watatu: mwenye duka la nguo, kiongozi wa machinga na mtaalamu wa mipango miji. Mimi nilitakiwa kuandika ukurasa mmoja unaoonyesha kila mgeni amesimama wapi na wanapishana kwenye nini. Nalipwa kwa ukurasa, kwa hiyo nilikimbia.

Rasimu ya kwanza niliimaliza kwa mchana mmoja. Nilifuata mpangilio wa kipindi: fulani alianza kwa kusema hivi, fulani akamjibu vile. Mwishoni nikaweka sentensi niliyoipenda sana, kwamba mwenye duka anataka machinga waondolewe, kiongozi wao anapinga, na mtaalamu yuko katikati. Mhariri wangu, mama mmoja mtu wa Tanga asiyepandisha sauti hata akikasirika, aliisoma akiwa amesimama.

"Mwanangu, hii umeniandikia mechi ya Simba na Yanga na refa wao. Watu wamekaa karibu saa nzima, walikuwa wanabishania nini?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi Mbagala na faili kwenye simu, nikalisikiliza ndani ya daladala bila kuandika neno. Foleni ya Kilwa Road siku hiyo ilinisaidia, maana nililisikia lote hadi mwisho. Nikagundua kitu ambacho mkono ulikuwa umenizuia kukisikia: hakuna mgeni hata mmoja aliyesema machinga wote waondoke, wala aliyesema wote wabaki.

Nilikosea wapi? Usiku nilisaka sehemu yenyewe, nikaipata dakika ya 31. Mwendesha kipindi anauliza, "Kwa hiyo mzee wangu, wewe unataka hawa vijana waondolewe?" Mwenye duka anaanza kujibu, kiongozi wa machinga anamkatiza, sauti zinagongana kwa sekunde kama kumi. Zikitulia, mwenye duka anasema, "Sijasema waondolewe. Nimesema mlango wangu uonekane." Mimi nilikuwa nimechukua maneno ya muulizaji nikamvisha mjibuji. Tangu siku hiyo, kila nikisikia "kwa hiyo unasema" kutoka kwa mwendesha kipindi, naweka alama ya kuuliza pembeni, kisha nasubiri mgeni akubali au akatae kwa kinywa chake. Akikaa kimya, ile kauli si yake. Na pale sauti zinapogongana naandika tu "wanazungumza pamoja", sikisii.

Ukimsikiliza mwenye duka kwa utulivu, maana yake ni nyepesi kuelewa. Vijana walioziba mlango wake, baadhi yao huwapa mzigo yeye mwenyewe asubuhi kwa mali kauli, jioni wanamletea hesabu. Wakihamishwa mbali, hata yeye anapoteza mauzo. Hilo alilitaja mara moja tu, dakika ya 38, kwa sentensi mbili, baada ya kulalamikia kodi ya pango na kodi ya serikali kwa muda mrefu. Ningepima uzito kwa dakika, ningeandika kodi tupu. Lakini sentensi mbili zile ndizo zilizoeleza kwa nini anataka njia ya mlangoni ifunguliwe bila kutaka vijana wapelekwe mbali.

Kesho yake nilichukua karatasi, nikachora jedwali. Safu tatu za wageni zilikuja zenyewe. Mistari ndiyo iliyonitoa jasho, kwa sababu mwanzoni niliandika mada: barabara, kodi, vitambulisho, wateja. Mada haziwagombanishi watu. Mtu anaweza kuzungumzia kodi na mwenzake akazungumzia kodi, wasikutane popote. Nikazigeuza ziwe maswali ambayo mgeni anaweza kuyajibu tofauti na mwenzake: Je, kandokando ya barabara pafunguliwe? Machinga wafanyie biashara wapi? Kitambulisho kinampa mwenye nacho haki gani? Gharama ya kuhama ibebwe na nani? Kila kisanduku nikakijaza kwa maneno ya mgeni mwenyewe, na dakika aliyoyasema.

Mstari wa kwanza ulinishangaza. Wote watatu walijibu ndiyo, tena hata kiongozi wa machinga: "Ni kweli mpita njia anakosa pa kupita, ila..." Katika rasimu ya kwanza ile "ni kweli" nilikuwa nimeitupa, nikabaki na kilichofuata baada ya "ila". Ni kweli kwamba msimamo wa mtu mara nyingi hukaa baada ya "ila". Lakini ukitupa alichokubali, unampa msimamo mkali kuliko wake.

Mgogoro wenyewe ulikuwa kwenye mstari wa tatu. Vitambulisho vile vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, kiongozi alivihesabu kama makubaliano: nimekulipa, umeniruhusu, leo unanifukuzaje? Mtaalamu akasema kitambulisho kinamtambua mtu, hakimpi eneo. Fedha ni ileile na kadi ni ileile, ila mmoja anaiona ni ruhusa na mwenzake anaiona ni utambulisho. Mengine yao mengi yalitoka hapo. Hata jengo la Machinga Complex pale Ilala walilitaja wote wawili kama mfano wa kushindwa. Kiongozi alilitumia kuonyesha kwamba machinga hapelekwi pasipo na wapita njia. Mtaalamu alilitumia kuonyesha kwamba eneo lipangwe pamoja na vituo vya daladala kabla ya kumwaga zege. Hapo muhtasari ukisema "walitofautiana kuhusu Machinga Complex" umedanganya. Walikubaliana limeshindwa, wakapishana kwenye funzo.

Rasimu ya pili nikaianza na walichokubaliana, kisha nikaandika hivi:

"Wageni wote wanakubali kwamba njia za waenda kwa miguu zifunguliwe. Wanapishana kuhusu kitambulisho: kiongozi wa machinga anakiona ni ruhusa iliyolipiwa, hivyo kuhamishwa bila eneo mbadala lenye wateja ni kuvunja makubaliano, mtaalamu anakiona ni utambulisho tu, na anataka maeneo mapya yapangwe na usafiri wake kwanza. Mwenye duka hakugusa suala hilo. Anataka milango ya maduka iachwe wazi, lakini machinga wabaki karibu, kwa kuwa baadhi yao wanauza bidhaa zake."

Mhariri alikata neno moja. Sehemu nyingine nilikuwa nimeandika kwamba kiongozi "alidai" na mtaalamu "alieleza". Akaniuliza, "Huyu anadai, yule anaeleza, kwa nini?" Sikuwa na sababu, isipokuwa kwamba mmoja alizungumza kwa hasira na mwingine kwa utaratibu. Nikawapa wote "alisema".

Kisha akaweka kidole kwenye jedwali, mstari wa nne, safu ya mwenye duka. Kilikuwa kisanduku kitupu. "Huyu gharama anataka ibebwe na nani?" Nikasema nadhani serikali, kwa jinsi alivyolalamikia kodi. Akanitazama. Nikavaa hedifoni, nikapitia tena dakika zote 54, hadi wimbo wa kufungia kipindi. Hakuulizwa, na yeye mwenyewe hakugusia. Nikaandika "hakuulizwa", mama akatia sahihi.