Goti la kilo 95: lilivyotulia bila kukimbia

Mama wa kilo 95, mwenye goti lililosagika, alianza kukimbia ili apungue. Goti likavimba, akaacha yote. Tulianzia jikoni: ugali nusu ya kawaida, mboga mara mbili, soda hakuna. Mazoezi peke yake hupunguza kilo chache mno.

Kila kilo inayotoka huliondolea goti mzigo wa takribani kilo 4 kwa kila hatua. Nafuu huanza kuonekana uzito ukishuka kwa asilimia 5, kwake karibu kilo 5. Kwenye asilimia 10 huwa kubwa zaidi.

Badala ya kukimbia alipanda baiskeli isiyotembea, dakika 10, mara 3 kwa wiki, akiongeza dakika 2 kila wiki. Mwanzoni goti lilimchoma kwa mbele. Kiti kilikuwa chini mno, goti likikunjwa kupita kiasi. Kilipandishwa hadi goti likabaki limekunjwa kidogo tu pedali ikiwa chini kabisa. Asiye na baiskeli atembee ndani ya maji ya kifuani.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si tatizo. Yakizidi hadi kesho yake, punguza dakika. Goti likiwa jekundu, la moto na homa juu, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo.