Nilivyoivua tai kadi ya harusi ya kaka

Kadi ya kwanza kamati iliinakili kutoka harusi ya binamu yetu, na binamu naye sijui aliitoa wapi. Mnazijua kadi hizi. Yetu ilisomeka hivi:

"Familia ya marehemu Bw. ........ na Bi. ........ inayo heshima na furaha kubwa kukualika Prof./Dkt./Mhe./Bw./Bi. ........ kwenye sherehe ya harusi ya kijana wao mpendwa ........ itakayofanyika siku ya Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024. Ibada ya ndoa itafanyika saa 8:00 mchana na baadaye kufuatiwa na tafrija fupi ukumbini, Sinza, kuanzia saa 12:00 jioni. Kufika kwako ndiko kufanikisha shughuli hii."

Chini kwenye kona kulikuwa na neno "Dabo", namba mbili za simu na rangi za sherehe.

Kaka aliisoma mara moja akacheka. "Tafrija fupi? Tumelipia ukumbi mpaka saa 6 usiku!" Yeye na wifi ni watu wa utani, na walitaka kadi inayosikika kama wao. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye maneno mengi pale nyumbani, kazi nikatupiwa. Mweka hazina wa kamati alinipa sharti moja: "Chekesha utakavyo, lakini mtu akinipigia kuuliza saa ngapi, nampa namba yako."

Sikuanza na utani. Nilichukua kadi ya zamani na kalamu nyekundu, nikapigia mstari kila kitu ambacho mgeni akikikosa atapotea: nani anaalika, nani anaoa, siku, ibada saa ngapi na wapi, ukumbi saa ngapi na wapi, kadi ni ya watu wangapi, rangi, namba za kujibu. Mistari ilitoka minane tu. Maneno yote mengine, "inayo heshima na furaha kubwa" na ndugu zake, yalikuwa nguo. Hayo ndiyo niliyokuwa na ruhusa ya kuyabadilisha.

Rasimu ya kwanza niliiandika usiku mmoja nikiwa najipenda mwenyewe. Ilikuwa na "njoo na ubavu wako", ilikuwa na "saa 12 ya ukweli, si ya Kibongo", na ilimwita kaka kwa jina lake la mtaani peke yake. Asubuhi nikampigia mama mkubwa, ambaye anatumia kitochi, nikamsomea yote bila kumweleza lolote. Kisha nikamuuliza maswali matano: unakwenda wapi, saa ngapi, na nani, umevaa rangi gani, usipoweza kufika unampigia nani.

Alijibu mawili. Jina la mtaani hakulijua, akaniuliza ni mtoto wa nani huyo anayeoa. Kwenye saa alisema, "Umesema si ya Kibongo, basi ni ya wapi?" Na kwenye swali la nani, alinyamaza kidogo. "Mie ubavu wangu si nimeuzika, mwanangu?" Niliona aibu mpaka leo naisikia. Nilikuwa nimeandika utani unaowafaa wenye ndoa zao, halafu nikataka kuupeleka kwa wajane, wasichana na watu walioachana mwezi uliopita. Na kwa upande wa mweka hazina ulikuwa mbovu vilevile, maana "ubavu" hauhesabiki. Jirani mmoja niliyemjaribia alidhani anaruhusiwa kuja na familia nzima.

Hapo ndipo nilipojua kosa langu lilikuwa wapi. Nilikuwa nimeubebesha utani taarifa. Mgeni akiutoa utani, taarifa nayo inatoka. Rasimu ya pili nikatenganisha: taarifa inakaa kwenye sentensi yake kavu, na utani unakuja nyuma yake. Ukiufuta utani wote, kadi bado inamfikisha mtu ukumbini.

Saa nazo zilinipa kazi. Kijana wa Kariakoo aliyetutengenezea kadi alikuwa ameongeza "6:00 PM" kando ya "saa 12:00 jioni", ili ionekane ya kisasa. Mgeni anayesoma haraka anaona sita na kumi na mbili kwenye mstari mmoja. Nikamwambia aitoe, na kila saa iandikwe na neno lake: mchana, jioni, usiku.

Kuna kitu kimoja kadi ya zamani haikuwa nacho hata kidogo. Kati ya ibada kwisha na ukumbi kufunguliwa kuna pengo la karibu saa mbili, na kila harusi unawaona wageni wamesimama nje ya kanisa na viatu vya kubana, hawajui waende wapi. Lugha rasmi hulificha pengo hilo ndani ya "na baadaye kufuatiwa na". Lugha ya utani ililazimika kulisema. Pia tarehe ilinipa zawadi: Jumatatu yake ilikuwa tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, hakuna kazi.

Mwanzo wa mstari wa kwanza sikuugusa. Nilijaribu kuufanya mwepesi, mama akausoma, akaurudisha mezani. "Hapo pana jina la baba yako." Basi ukabaki ulivyo, na "marehemu" yake. Kaka alikuwa na wasiwasi kwamba kadi itaonekana ina vichwa viwili. Mimi niliona ni sawa na shughuli yenyewe, mzee anafungua kwa sala, kisha MC anashika maiki.

Hii ndiyo iliyochapwa:

"Familia ya marehemu Bw. ........ na Bi. ........ inakualika ........ kwenye harusi ya kijana wao ........ (ndiyo, yule yule wa 'mimi bado nipo nipo kwanza').

Ni Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024. Jumatatu ni Siku ya Nyerere, kwa hiyo miguu yako ina siku mbili za kupumzika.

Ibada ya ndoa: saa 8:00 mchana, kanisani ........ Machozi ya mama yameshathibitishwa.

Baada ya ibada maharusi wanakwenda kupiga picha. Nenda nyumbani kabadilishe viatu.

Ukumbini: ........, Sinza. Milango inafunguliwa saa 12:00 jioni, maharusi wanaingia saa 1:30 usiku. Ukija saa 3:00 usiku utaoneshwa keki kwenye simu.

Kadi hii ni ya watu wawili: wewe na mmoja unayemchagua mwenyewe. Tafadhali ije nawe mlangoni.

Rangi: kijani iliyokolea na dhahabu. Nyeupe tumempa mmoja tu.

Hutaweza kufika? Tuambie kabla ya tarehe 5 Oktoba, sahani yako imeshaanza kuulizwa na wengine. Simu: ........"

Kadi za singo tulibadilisha mstari mmoja tu: "Kadi hii ni ya mtu mmoja. Wenza utawakuta mezani."

Kwa wenye vitochi sikutuma utani wowote. Niliwatumia ile mistari minane kwa ujumbe mfupi, na kadi ya karatasi ikawafuata kwa mkono.

Mama mkubwa nilimsomea tena ile mpya. Maswali matano akayajibu yote, kisha akauliza hiyo nafasi ya pili aende na nani. Nikamwambia imeandikwa achague mwenyewe. Alikuja na shoga yake wa kwaya, wote wawili wamevaa kijani, saa 12 na dakika 10, ukumbi ukiwa bado unapangwa viti.