Jinsi nilivyopata muda halisi wa kugundua hitilafu na kurejesha huduma

Ripoti yetu ilionyesha hitilafu zinagunduliwa papo hapo, kwa sababu saa ya kufungua tiketi ilihesabiwa kuwa ndiyo mwanzo wa tatizo. Niliongeza sehemu mbili kwenye tiketi: tatizo lilipoanza, kama logi inavyoonyesha, na huduma iliporejea. Saa ya kufunga tiketi haifai, maana mara nyingi tiketi hufungwa siku kadhaa baadaye.

Hitilafu tano zilichukua dakika 9, 10, 12, 14 na 255 kurekebishwa. Wastani ni 60, ingawa nne kati ya hizo hazikufika hata robo saa! Ya katikati ni 12, kwa hiyo sasa naandika zote mbili, na ile ya 255 naieleza peke yake. Hitilafu ambayo hakuna aliyeigundua haina tiketi, hivyo haimo kabisa katika hesabu hii.