Jibu Nililompa Shangazi

Shangazi yangu wa Tanga amenitafutia mchumba, na leo nimemjibu kwamba siikubali posa hiyo. Nilitaka jibu langu limfikie kabla mshenga hajaleta barua, kwa kuwa barua ya posa ikishapokelewa jambo huingia katika vikao vya wazee wa pande zote mbili, na kukataa baada ya hapo humvunjia heshima baba aliyeipokea pamoja na shangazi aliyeipitisha.

Kilichonisumbua zaidi ni kuchagua maneno. Kwetu binti akiulizwa kuhusu posa akanyamaza, huhesabiwa kuwa ameridhia, na Hadithi inasema kwamba idhini ya bikra ni kunyamaza kwake. Kuinamisha macho na kukaa kimya, ambako kwa mambo mengine ni adabu, hapa kungekuwa kukubali. Majibu ya upole tuliyoyazoea nayo hayakunifaa. Ningesema "Inshallah", angeondoka na matumaini. Ningesema nataka kwanza kumaliza masomo, angemwambia mshenga avute subira hadi nihitimu, na kijana wa watu angekaa akitarajia jambo ambalo halipo. Udhuru wenye mwisho hugeuka kuwa ahadi siku unapokwisha.

Nilimwendea mwenyewe baada ya alasiri bila kumtuma mama, kwa sababu angeamini kwamba anayekataa ni mama, na mawifi hao tayari wana yao. Baada ya shikamoo na kujuliana hali nilimwambia: "Shangazi, nakushukuru kwa kunifikiria, na najua humtakii mtoto wa kaka yako ila heri. Posa hii siikubali. Hakuna ninachosubiri, na jibu langu halitabadilika. Nakuomba umwambie mshenga asilete barua."

Akauliza kijana ana kasoro gani. Naamini swali hilo ndilo gumu kuliko yote, maana ukitaja kasoro utajibiwa kwamba itarekebishwa, kisha maneno yako yatawafikia watu wake na kuwaumiza bure. Nikasema: "Sina neno baya juu yake, shangazi. Ni mimi ambaye sikuridhia." Akapendekeza nije nimwone mara moja tu, hapo hapo nyumbani kwake, halafu niamue. Nalo nililikataa, kwa kuwa kwa watu wa upande wa pili kufika kwangu kungekuwa dalili ya kukubali. Akataka kujua kama kuna mwingine, nikamwambia hayupo.

Mwisho nilimwomba aniambie atakavyomjibu mshenga. Akasema, "Nitamwambia binti hakuridhia, basi." Hakufurahi, wala sikutarajia afurahi, lakini alikuwa amenielewa. Nikamwomba pia niwepo atakapomweleza baba, ili asije akaelezwa kwamba nimeomba muda. Amekubali, na tutamwona pamoja Ijumaa baada ya sala.